Fungu la Wanahisa Wachache: Utangulizi

Chukua hesabu za kundi la Safaricom za mwaka ulioishia Machi 31, 2024. Faida ya mwaka baada ya kodi ni takriban shilingi bilioni 42.7 za Kenya. Chini yake faida hiyo imegawanywa, na fungu la wenye hisa za Safaricom linasomeka karibu bilioni 63. Fungu limeuzidi mzigo wote! Mwanafunzi makini akifika hapo hudhani kuna kosa la uchapaji. Hakuna kosa, na kuelewa kwa nini hakuna ndiko kuingia katika somo hili.

Kundi ni kampuni mama pamoja na kampuni tanzu zake. Kiwango cha kimataifa kinachoongoza hesabu za kundi, IFRS 10, huanza kwa kuuliza nani mwenye mamlaka ya kuiendesha kampuni tanzu. Mwenye mamlaka hayo huingiza mali zote, madeni yote, mapato yote na gharama zote za tanzu katika hesabu zake, hata kama hisa zake hazifiki asilimia 100. Wanaoanza hukosea hapa mara nyingi: huchukua asilimia 80 ya mashine na asilimia 80 ya mauzo. Lakini mama mwenye asilimia 80 haamui juu ya robo tatu na ushee ya mashine. Anaamua juu ya mashine nzima. Swali la umiliki huja baadaye, na jibu lake ndilo fungu la wanahisa wachache.

Tuseme kampuni moja imenunua asilimia 80 ya kiwanda cha kusaga mahindi kwa shilingi milioni 96. Siku hiyo mali za kiwanda, zikithaminiwa upya na kuondolewa madeni, ni milioni 100. Wanahisa waliobaki wana asilimia 20, yaani milioni 20. Jumlisha 96 na 20, upate 116. Milioni 16 zinazozidi ni bei iliyolipwa kwa jina la kiwanda, wateja wake na matarajio yake. Kiwango cha IFRS 3 kinaruhusu pia fungu la wachache lithaminiwe kwa bei ya soko badala ya uwiano wa mali, na likipanda, hiyo ziada ya 16 nayo hupanda. Uchaguzi hufanywa kwa kila ununuzi, kwa hiyo msomaji asilinganishe makundi mawili kabla ya kuangalia kila moja limechagua njia ipi.

Mwaka wa kwanza kiwanda kinapata faida ya milioni 10 na kutoa gawio la milioni 4. Wachache wanaandikiwa milioni 2 za faida, wanapokea gawio la laki 8, na fungu lao linafika milioni 21.2. Kagua: mali halisi za kiwanda sasa ni milioni 106, na asilimia 20 yake ni 21.2 hiyohiyo. Namba hizi mbili zisipokutana, tafuta biashara ya ndani ya kundi. Pengine kiwanda kilimuuzia mama unga kwa faida, na unga bado uko ghalani. Faida hiyo haijapatikana kwa mtu wa nje, basi huondolewa, na kwa kuwa muuzaji ni kiwanda, wachache nao hupunguziwa sehemu yao.

Sasa geuza faida iwe hasara. Biashara ya Safaricom nchini Ethiopia ilianza kuuza huduma mwaka 2022, na gharama za kujenga mtandao zilizidi mapato kwa mbali. Safaricom inamiliki zaidi kidogo ya nusu. Waliobaki ni pamoja na Sumitomo ya Japani. Hasara yote iliingia katika hesabu za kundi na kuishusha faida hadi bilioni 42.7. Kisha wabia walibebeshwa sehemu yao, takriban bilioni 20. Ukiirudisha hiyo, unafika 63.

Hasara zikiendelea, fungu la wachache linaweza kushuka chini ya sifuri. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2008, ziada hiyo kwa kawaida ilimwangukia mama. Leo huandikwa kwa wachache kama ilivyo, ingawa kisheria hakuna anayeweza kuwadai walipe. Kwa maoni yangu hapa ndipo kanuni ilipo dhaifu zaidi: wabia wakikataa kuongeza mtaji, atakayefidia pengo ni mama, na mstari wa fungu lake hautakuwa umemwonya mwanahisa wake.

Mama akiamua kununua asilimia 20 zilizobaki za kiwanda kwa milioni 30, fungu la 21.2 hufutwa na tofauti ya milioni 8.8 hupunguza mtaji wa mama moja kwa moja, bila kugusa faida ya mwaka. Utaiona katika taarifa ya mabadiliko ya mtaji peke yake.