Duka Moja, Midomo Mitatu: Hivi Ndivyo Utazipa Posti Zako Sauti Moja

Cheki hii, msee. Tuseme uko na duka la njumu za mitumba, tawi moja Kitale na lingine Bungoma, lakini peji ya Facebook ni moja. Wewe unaposti, kijana wa Kitale anaposti, na dada wa Bungoma pia ako na simu. Asubuhi peji inasema hivi:

“Niaje wakuu 🔥🔥 kamera ya leo imefunguka hapa! Kujeni mapema kabla mafisi wamalize 😂 Bei inboksi.”

Mchana inageuka:

“Mulembe wateja wetu. Viatu vipya vimefika. Bei nafuu sana. Karibuni nyote.”

Jioni mtu analalamika kiatu kimembana, anajibiwa: “Si ulisema 42 mwenyewe? Hatubadilishi, bana.”

Mteja akisoma hizo tatu anashindwa kama ni duka moja ama ni watu watatu wanapigania simu. Na mtu hatumi doo mahali haelewi nani anaongea.

Usianze na kuandika upya. Anza na kukusanya. Chukua posti zako ishirini za mwisho, ziweke mahali pamoja, kisha usome maswali ya watu huko chini. Maswali yanayojirudia ndiyo yanakuonyesha posti ilisahau nini. Kwa njumu mara nyingi ni yale yale: saizi gani, pesa ngapi, mko wapi.

Sasa tafuta maneno yanayokuangusha. La kwanza ni “hapa”. Ukiwa Kitale “hapa” ni Kitale, lakini mtu wa Kanduyi anadhani ni Bungoma. “Leo” ni ile ile ngori, kwa sababu posti ya Facebook inaweza kumfikia mtu siku tatu baadaye. Andika jina la mji na tarehe.

“Viatu vipya” ni hatari zaidi. Dada alimaanisha mzigo mpya, lakini mteja anaelewa kiatu ambacho hakijavaliwa. Akifika akute mitumba, ataona umemchezea. Nayo “kamera” watu wa mitumba wanaijua, ni zile safi zinazochaguliwa kwanza bale ikifunguliwa. Mwenye hajawahi simama kwa bale haijui. Sema “chaguo la kwanza”.

Baada ya hapo, nyinyi watatu kaeni chini mkubaliane mambo manne. Duka linajiita “sisi”, si “mimi”. Mteja anaitwa “wewe”, si “wakuu” leo na “wateja watukufu” kesho. Saizi ni za namba moja tu, zile za 40, 41, 42, hata kama kiatu kimeandikwa 8 ndani. Salamu ya Kibukusu mteja ataipata akiingia duka la Bungoma, kwa sababu peji inasomwa pia na watu wa Kitale ambao si wote wanaijua.

Posti mbili za kwanza sasa zinakuwa moja:

“Raba za mitumba, chaguo la kwanza, zimefika duka letu la Kitale. Saizi ni 40 hadi 44, bei ni kati ya 1,800 na 2,500. Tutafungua Jumamosi tarehe 14, saa mbili asubuhi. Ukiwa Bungoma, tuambie saizi yako kabla ya saa sita, tukutumie na matatu. Nauli ya mzigo utalipa wewe. Anayefika kwanza ndiye anachagua kwanza.”

Umeona ile ya mafisi bado iko? Imevaa shati tu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafuta utani wote, kisha duka linaanza kuongea kama tangazo la chifu. Acha sentensi moja yenye ladha yako, na uiweke mwisho, mteja akishapata alichokuja kutafuta.

Yule wa kulalamika naye anajibiwa hivi:

“Pole, tumeona kiatu kimekubana. Kirudishe kabla ya Jumanne tarehe 17, Kitale ama Bungoma, tukupe saizi nyingine kama iko.”

Lakini usiandike hivyo kama duka halibadilishi viatu. Amueni kwanza, kisha sauti ifuate. Maneno matamu juu ya sheria ambayo haipo yatawaletea kelele kubwa kuliko ile ya kwanza.

Utajuaje imeshika? Chukua posti tano mpya, ficha nani aliandika, mpe rafiki asiyefanya kazi kwa duka. Akiweza kutenganisha za Kitale na za Bungoma kwa vile zinaongea, bado. Halafu angalia inboksi, maana huko ndiko watu hurudia mdomo wa zamani. Majibu ya bei, saizi na kurudisha kiatu yaandike mara moja, uyahifadhi kwa majibu ya haraka ya WhatsApp Business, ndio hata aliyechoka saa mbili usiku ajibu kama duka.