Wateja Waliorudi Bila Kuondoka

Tuchukue mfano wa kampuni inayokodisha programu ya kuendeshea maduka ya dawa, ambapo kila kompyuta ya mauzo hulipiwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Oktoba imeanza na mapato ya 10,000,000, ikaisha na 10,600,000. Mwenye kampuni anaona ukuaji wa asilimia 6 na anafurahi. Mhasibu wake hafurahi bado, maana jumla haimwambii fedha zimepitia wapi.

Kwa hiyo anachora maporomoko ya mapato: nguzo ya mwanzo wa mwezi, kisha ngazi za kupanda na kushuka hadi nguzo ya mwisho. Ngazi hizo anazipata kwa kulinganisha malipo ya kila duka, mwezi uliopita na huu. Duka lililofunga kompyuta moja kati ya tatu limeshuka kutoka 75,000 hadi 50,000, basi 25,000 inaingia kwenye upungufu. Lililoongeza kompyuta linaingia kwenye nyongeza. Lililokuwa sifuri na sasa linalipa ni jipya, isipokuwa liliwahi kuwa mteja zamani. Hapo malipo yake yote huitwa ya kurejea, hata kama limerudi na kompyuta nyingi kuliko mwanzo.

Oktoba ikatoka hivi: wapya 900,000, nyongeza 600,000, waliorejea 300,000; upungufu 400,000, walioondoka 800,000. Tazama wateja wa mwanzo wa mwezi peke yao: zile 10,000,000 zao zimebaki 9,400,000. Ndoo inavuja, ila inajazwa haraka. Ukiwachanganya waliorejea humo, kiwango cha kubaki kinapanda kutoka asilimia 94 hadi 97, na ndiyo maana mhasibu makini huwatenga.

Kisha zile 300,000 zenyewe zikamtia shaka. Ni maduka 12, kila moja na kompyuta moja, na yote yamelipa tarehe 2 au 3 Oktoba, bei ileile. Akafungua kumbukumbu za mfumo: yaliuza dawa Septemba nzima, hata tarehe 30. Hayakuondoka kamwe, yalichelewa tu kulipa, na mfumo ukayahesabu kuwa yameondoka Septemba na kurejea Oktoba. Mwanzo sahihi wa Oktoba ulikuwa 10,300,000, na ukuaji haufiki hata asilimia 3. Dawa yake ni kusubiri siku kadhaa za uvumilivu, tuseme 30, kabla ya kumhesabu mteja kuwa ameondoka.

Kosa la pili ni kinyume chake, na mimi naliona baya zaidi kwa kuwa linapendeza: duka lililoondoka kweli mwaka jana linarudi likiwa na namba mpya ya simu, na ofisa mauzo analisajili kama jipya. Mhasibu huyu hulitafuta kwa namba ya mlipakodi, maana majina ya maduka hubadilika kila bango linapopakwa rangi upya.