Simu Moja Inapokataliwa na Waifai ya Nyumbani

Kompyuta imeingia kwenye waifai, runinga imeingia, simu ya mama imeingia, lakini simu mpya ya binti inagoma. Kwa kuwa vifaa vingine vinafanya kazi, hakuna haja ya kumlaumu mtoa huduma. Tatizo liko kati ya simu hiyo na ruta.

Anza na simu, maana hapo kazi ni ya nusu dakika. Simu hutunza jina la mtandao pamoja na nenosiri lake. Nenosiri likibadilishwa kwenye ruta, simu huendelea kupeleka lile la zamani. Gusa jina la mtandao, chagua kuusahau, kisha ujiunge upya kwa kuandika nenosiri herufi kwa herufi.

Ikikataa tena, angalia orodha ya vifaa kwenye ruta. Kila kifaa cha waifai kina anwani ya MAC, yaani jozi sita za tarakimu na herufi kuanzia A hadi F. Kuna ruta zilizowekwa zipokee anwani zilizoorodheshwa tu. Nyingine huzuia zilizoorodheshwa. Fungua kivinjari kwenye kompyuta iliyokwisha kuingia, uandike anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utafute sehemu ya MAC Filter. Zima kichujio hicho kwa muda. Simu ikiingia, mkosaji umemjua.

Hapa ndipo wengi hukwama. Baba ananakili anwani iliyochapwa kwenye boksi la simu, anaiingiza kwenye orodha, anawasha kichujio, na simu inakataliwa vilevile. Sababu ni kwamba tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hazijitambulishi kwa anwani ya kiwandani. Hujitungia anwani nyingine kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe anapozunguka mjini. Ruta basi inaona mgeni asiyemo orodhani.

Anwani ya kutungwa unaweza kuitambua kwa macho: herufi yake ya pili huwa 2, 6, A au E. Kwa mfano, 3A:5F:10:C4:7B:92 ni ya kutungwa.

Dawa ni kufungua maelezo ya mtandao huo kwenye simu. Kwenye Android nyingi utaona Use device MAC, uichague. Kwenye iPhone uzime Private Wi-Fi Address. Badiliko hili linahusu mtandao wa nyumbani peke yake, kwa hiyo kwingineko simu itaendelea kujificha. Kisha hakikisha anwani ya kiwandani ndiyo iliyo kwenye orodha.

Kwa maoni yangu, ni afadhali kichujio kibaki kimezimwa. Anwani za MAC hupita hewani bila kufichwa, na mwenye ujuzi anaweza kunasa moja na kuiiga. Kinacholinda nyumba ni nenosiri refu pamoja na ulinzi wa WPA2 au WPA3.