Kisigino Kilichobaki Kikavu

"Rejesha nyuma," Maalim alisema. Mhariri akarejesha. "Hapo. Simamisha."

Kwenye skrini kilikuwepo kisigino cha mguu wa kulia, kimejaa fremu nzima, kila ufa wa ngozi unaonekana. Maji yalikuwa yameshapita. Ngozi yote inang'aa, isipokuwa doa moja upande wa nje, chini ya fundo la mguu, ukubwa wa sarafu. Doa hilo halirudishi mwanga.

"Huyu udhu hana," akasema, akanywa kahawa yake.

Tulikuwa tumeshamaliza, au tulidhani hivyo. Ilikuwa filamu ya dakika 4 kwa ajili ya watoto wa madrasa huku Unguja, yenye shoti 19, zote za karibu: viganja, vidole, paji la uso, kiwiko, mguu. Uso mzima wa mtu hauonekani hata mara moja. Tuliamua hivyo kwa sababu mtoto hujifunza udhu kwa kumtazama mkubwa akiwa amesimama hatua tatu pembeni, na kutoka umbali huo haoni yanayopita kati ya vidole. Mimi niliandika maneno ya msimulizi. Nilidhani kazi yangu ni kutafuta maneno mazuri. Kumbe ugumu wote ulikuwa kujua neno gani likae juu ya picha gani.

Orodha ya shoti kwa kawaida huwa na safu tatu: kinachoonekana, muda wake kwa sekunde, na maneno yatakayosikika wakati huo. Kwenye udhu wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, fardhi ni sita. Nne zina picha, nazo zimetajwa katika aya ya 6 ya Suratul Maida: kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji kichwani, na kuosha miguu pamoja na mafundo yake. Mbili hazina picha. Moja ni nia, ambayo iko moyoni. Nyingine ni tartibu, yaani kuvifuatanisha viungo kwa mpango wake (na bila shaka msomaji ameshamuona hapo ndugu yake, neno letu la taratibu). Tartibu haipigwi picha, lakini mhariri anaweza kuivunja kwa kubofya mara moja. Wetu aliivunja. Aliona shoti ya miguu imependeza kuliko ya kichwa, akaitanguliza. Kwa filamu ya harusi si neno. Kwa udhu, ameshaufisidi.

Nia ndiyo iliyonitoa jasho. Katika andiko langu la kwanza, shoti ya 2 ilionyesha viganja viwili vikioshwa, na juu yake niliweka maneno haya: "Sasa anatia nia ya udhu." Sekunde 5, maneno machache, yamekaa vizuri. Maalim aliyasoma akayapigia mstari.

"Mwanangu, hapa anaosha viganja. Hii ni sunna. Nia ya fardhi inakwenda na sehemu ya mwanzo ya uso. Mtoto akikusikiliza wewe, atatia nia hapa, ataisahau, kisha ataosha uso mtupu."

Si kwamba kutia nia mapema ni kosa. Ni vizuri mtu auanze udhu wake wote kwa nia. Ila kwa Shafii lazima nia hiyo iwepo moyoni pale maji yanapogusa uso. Viganja, kusukutua na kupandisha maji puani vyote hutangulia, na vyote ni sunna. Kwa hiyo sentensi yangu ilibidi isafiri kutoka shoti ya 2 hadi ya 6. Na hata huko haikutosha kuiweka popote. Shoti ya 6 ina sekunde 7: viganja vimejaa maji vinapanda, vinafika kwenye paji, maji yanamwagika. Tulipojaribu kuisema sentensi wakati maji yanashuka mashavuni, ikawa imechelewa. Mwishowe tuliikata ikabaki maneno mawili, "Nia: moyoni," na msimulizi aliyasema mikono ikiwa inapanda, akanyamaza kabla maji hayajagusa ngozi. Ukitazama kwa haraka utadhani kimya kile ni bahati tu. Nafasi hiyo iliachwa wazi kwa makusudi, maana kitu kinachotokea hapo hakina sauti.

Niseme pia kuhusu bakuli. Mpiga picha wetu alikuwa na shoti aliyoipenda kuliko zote: bakuli la shaba, maji yametulia kama kioo, mkono unazama, duara zinatawanyika. Kweli ilipendeza. Maalim akauliza, "Mkono huu umezama kabla ya uso au baada?" Ilikuwa baada. Kwa Shafii, maji machache yakishatumika katika fardhi huitwa mustaamali, hayafai tena kwa udhu. Mtu aliyemaliza kuosha uso akautia mkono ndani ya chombo kidogo bila kukusudia kuchota tu, mkono umeanza kuoshwa mle mle, na maji yote ya bakuli yameharibika. Sharti hili haliyahusu maji yanayofikia kulateni, kadiri ya lita 200, ambayo ni kama madumu kumi ya lita 20. Ndiyo maana birika kubwa la msikiti wa zamani halina tabu hiyo, na ndiyo maana pembeni ya mtungi wa nyumbani kulikuwa na kata, kile kifuu chenye mpini. Kata inachota, mkono unabaki nje.

Bakuli likaondoka, kata ikaingia. Maji yanatoka kwenye kifuu, yanapita kiganjani, yanateremka kufuata mkono hadi kiwikoni. Kwa picha ni shoti duni zaidi. Maneno yake yalikuwa matatu: "Anachota, hazamishi mkono." Mpiga picha alinuna mpaka jioni.

Maana ya udhu tuliiweka mahali pamoja tu. Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, katika mkusanyo wa Muslim, isemayo kwamba Mwislamu akiosha uso, madhambi aliyoyatazama kwa macho yake hutoka pamoja na maji au na tone la mwisho la maji. Akiosha mikono, hutoka yale iliyoyashika. Akiosha miguu, hutoka yale iliyoyaendea. Mwandishi yeyote akiisikia hadithi hii anatamani kuigawa juu ya kila kiungo. Nami niliigawa. Ikawa filamu inahubiri mfululizo, na macho ya mtoto hayaoni tena maji yanafika wapi. Tukaiacha kwenye tone moja, linalodondoka kidevuni.

Tone hilo tulilipiga kwa fremu 100 kwa sekunde, kisha likachezwa kwa fremu 25, kwa hiyo robo sekunde ya kweli inakuwa sekunde nzima kwenye skrini. Mara ya kwanza picha ilikuwa inapepesa, inang'aa na kufifia, kwa sababu taa za chooni msikitini huwakawaka kwa mpigo wa umeme ambao jicho halioni ila kamera inaona. Tukazima taa, tukafungua mlango wa mashariki, jua la asubuhi likaingia nyuma ya kidevu. Tone likaonekana jeupe kabisa, linaning'inia, linarefuka, linakatika. Msimulizi anaitaja hadithi wakati tone linaning'inia, na linapokatika ameshamaliza. Na neno udhu lenyewe, kwa Kiarabu, asili yake ni mwangaza na uzuri wa uso. Nilitaka kuliongeza hapo. Hakukuwa na nafasi, na tone lilikuwa limeshalisema.

Filamu hii inasema mapema kabisa kuwa inafuata Shafii, na ilibidi iseme. Kichwani, kwa mfano, sisi tunaonyesha mikono ikipita kutoka paji hadi kisogoni na kurudi, ambayo ni sunna. Kwa fardhi, Shafii anaridhika na sehemu ndogo tu ya kichwa, wakati Maliki anataka kichwa chote. Na jirani yetu wa Shia Ithnaasheri, ambao wako Unguja na Dar es Salaam vizazi na vizazi, hupaka maji miguuni badala ya kuiosha, kwa namna wanavyoisoma aya ile ile. Picha ya karibu ina ubaya huo: inaonekana kama ndiyo ukweli wote, kwa kuwa imejaza skrini.

Turudi kisiginoni.

Tulibishana kwanza. Mpiga picha aliapa kwamba aliyaona maji yakipita, na kwenye skrini yanaonekana kweli yanapita, tena mengi. Maalim akataka aone polepole. Ndipo tukaona: maji yanafika pale, yanajikusanya kuwa vishanga, yanabingirika kama juu ya jani la myugwa, yanaangukia upande wa pili. Ngozi haikulowa.

"Umempaka nini?"

Kimya. Kisha mpiga picha akakiri. Mzee tuliyempiga picha ni mvuvi, visigino vyake vimepasuka, na alfajiri ile alimpaka mafuta mazito ya mgando ili nyufa zisionekane vibaya kwa karibu. Mafuta mepesi yasiyoacha tabaka hayana tatizo. Maji yakipita juu ya ngozi inatosha. Lakini mafuta yaliyoganda yakajaa ndani ya ufa ni kizuizi, sawa na rangi ya kucha au gundi, na wanazuoni wa Shafii waliutaja mguu uliopasuka ukajazwa nta au shahamu kwa jina lake, karne nyingi kabla ya kamera yetu. Hina haizuii, kwa kuwa ni rangi tu iliyoingia ngozini.

Akatusimulia kisa cha safari mojawapo ya Mtume. Maswahaba walicheleweshwa na sala ya alasiri, wakawa wanatawadha mbio mbio, wanapangusa tu miguu, na Mtume akanadi kwa sauti ya juu kuvionya visigino kwa moto.

Katika udhu wa kweli dawa ni rahisi. Mguu ndio kiungo cha mwisho, kwa hiyo mtu huondoa mafuta, huosha pale palipobaki, basi. Lingekuwa doa la kiwikoni, angeosha kiwiko kisha arudie kichwa na miguu, kwa ajili ya tartibu. Katika filamu dawa ilikuwa kumwita mzee tena Jumamosi.

Alikuja na kisigino kama Mungu alivyokiumba, kimesuguliwa kwa jiwe la pwani. Safari hii taa tuliiweka chini, pembeni, mwanga ukiparuza ngozi, ili palipolowa pang'ae na palipo pakavu pabaki pamefifia, mtazamaji ajionee mwenyewe. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikapita kati ya vidole vya mguu, kuanzia kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Kiganja kikazunguka kisigino, kikasugua ndani ya nyufa. Maji yakaingia, tukayaona yakiingia.

Nilikuwa nimeandika mistari mitatu ya shoti hiyo. Maalim aliitazama bila sauti, kisha akaomba karatasi, akaikata yote, akaacha neno moja: "Kisigino."