Tuisheni na pengo kati ya wanafunzi

Tuisheni ni masomo ya kulipia yanayotolewa nje ya saa za shule, jioni, Jumamosi au wakati wa likizo. Nchini Tanzania ada katika shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne zilifutwa kuanzia mwaka 2016, lakini tuisheni imebaki gharama ya mzazi. Chukua mfano wa familia yenye watoto watatu, kila mmoja akilipa shilingi 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki nne ni shilingi 30,000. Mama anayeuza mboga humlipia anayekaribia mtihani wa taifa, na wengine wawili hukaa nyumbani.

Madhara makubwa zaidi hutokea mwalimu anapowafundisha kwa malipo wanafunzi wale wale wa darasa lake. Mada ngumu hupitiwa juu juu asubuhi, kisha hufafanuliwa jioni kwa waliolipa. Dalili yake huonekana kwenye daftari: mifano iliyokokotolewa iko kwenye daftari la tuisheni, na la shuleni lina vichwa vya mada tu. Jaribio likija, asiyelipa huonekana mzito wa kuelewa, ilhali hakufundishwa.

Kenya ilipiga marufuku tuisheni ya likizo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Marufuku peke yake haitoshi pale darasa linapojaa kupita kiasi na mshahara wa mwalimu haukidhi mahitaji. Mada iliyo kwenye muhtasari ifundishwe yote darasani, mbele ya wote.