Kwa Nini Windows Ina Program Files Mbili

Ukifungua diski C ya kompyuta yenye Windows ya biti 64 utakuta folda mbili zilizokaa jirani, `Program Files` na `Program Files (x86)`. Wengi hudhani moja ni nakala ya nyingine, na wapo wanaofikiria kuifuta moja ili wapate nafasi. Ukiifuta, programu zilizomo zitaacha kufanya kazi papo hapo, kwa sababu kila folda ina wakazi wake na hakuna aliye nakala ya mwenzake.

Hiyo `x86` ni ukoo wa prosesa. Mwaka 1978 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iliyoitwa 8086, zikafuata 80286, 80386 na 80486. Kwa kuwa zote ziliishia na 86, mafundi wakaziita kwa pamoja x86. Ile ya 80386, iliyotoka mwaka 1985, ndiyo iliyoleta biti 32 katika ukoo huo, na kwa miaka mingi programu za Windows ziliandikwa kwa ajili yake. Kikomo chake ni cha hesabu tu: namba ya biti 32 haiwezi kutaja zaidi ya anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 za kumbukumbu. Mwaka 2003 AMD wakatoa prosesa za Opteron na Athlon 64, zinazoelewa biti 64 na bado zinaelewa amri za zamani za biti 32. Microsoft wakafuata mwaka 2005 na Windows XP Professional x64 Edition, na tangu hapo programu za aina mbili zimekuwa zikiishi katika kompyuta moja. Windows ya biti 32 haikuwahi kuhitaji folda ya pili, kwa kuwa programu za biti 64 haziwezi kuendeshwa humo.

Lakini kama mashine inaelewa zote mbili, kwa nini zisikae pamoja? Faili ya `.exe` peke yake ingeweza kukaa popote na ingefunguka. Tatizo liko kwenye faili zinazoandamana nayo, zile za `.dll`, ambazo programu huziita wakati inafanya kazi. Sheria ya Windows hapa haina msamaha: programu ya biti 32 haiwezi kupakia `.dll` ya biti 64, wala ya biti 64 haiwezi kupakia ya biti 32.

Chukua VLC, programu ya kuchezea video. Hutolewa kwa matoleo mawili, na kila toleo lina `vlc.exe` yake na `libvlc.dll` yake. Majina ni yaleyale, ya ndani ni tofauti kabisa. Toleo la biti 64 kwa kawaida hukaa `C:\Program Files\VideoLAN\VLC`, na la biti 32 hukaa `C:\Program Files (x86)\VideoLAN\VLC`. Kama folda ingekuwa moja, toleo litakaloingia la pili lingefuta faili za la kwanza. Sasa tuseme kuna programu nyingine ya biti 32 inayoazima `libvlc.dll` ili ionyeshe video. Ikikuta ile ya biti 64, itagoma kwa kosa namba 193, ambalo kwenye skrini husomeka hivi:

```
%1 is not a valid Win32 application
```

Anayeliona kosa hili huamini faili imeharibika, akaipakua upya mara kadhaa bila mafanikio. Faili ni nzima. Kinachogongana ni biti. Ndiyo maana kila moja ya folda hizi mbili ina `Common Files` yake ndani, mahali pa kuwekea faili ambazo programu kadhaa hutumia kwa pamoja: kila upande uchote kwake.

Sasa tuje kwenye swali la nani anayeamua programu iende wapi. Windows haisimami mlangoni kukagua. Anayeamua ni kisakinishi, ile programu ndogo unayoibofya ili kuweka programu kubwa. Kisakinishi kilichoandikwa vizuri hakiandiki anwani ya folda kwa mkono, bali huiuliza Windows: Program Files iko wapi? Na Windows hutoa jibu kulingana na anayeuliza. Unaweza kulishuhudia hilo mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika anwani hii kisha Enter:

```
C:\Windows\SysWOW64\cmd.exe
```

Hiyo ni Command Prompt ya biti 32. Ndani yake andika:

```
echo %ProgramFiles%
```

Utajibiwa `C:\Program Files (x86)`. Rudia amri hiyohiyo katika Command Prompt ya kawaida, iliyoko `C:\Windows\System32`, nawe utajibiwa `C:\Program Files`. Swali moja, majibu mawili. Programu ya zamani iliyoandikwa kabla folda ya pili haijakuwepo huelekezwa mahali pake bila kujua kwamba kuna mahali pengine. Huu ndio ufundi ninaouheshimu zaidi katika jambo lote hili, kwa sababu uliokoa maelfu ya programu zisiandikwe upya.

Ufundi huo una mwanya wake. Visakinishi vingi vyenyewe ni vya biti 32, hata vinapobeba programu ya biti 64. Mtengenezaji asipotoa maelekezo ya ziada, kisakinishi chake kitauliza kama programu ya biti 32, kijibiwe kama ya biti 32, na mzigo wa biti 64 utashushwa kwenye folda yenye `(x86)`. Wanaotumia Inno Setup, kwa mfano, huandika mstari huu ili kuzuia hilo:

```
ArchitecturesInstallIn64BitMode=x64compatible
```

Kwa hiyo folda ni dalili, si ushahidi. Microsoft Edge yenyewe hukaa `C:\Program Files (x86)\Microsoft\Edge\Application` hata ikiwa ya biti 64. Michezo ya Steam nayo mara nyingi huwekwa ndani ya `C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common`, na mingi ni ya biti 64. Yote hufanya kazi bila shida, kwa sababu kila moja imezungukwa na `.dll` zake za biti ileile.

Ukitaka kuwa na hakika, fungua programu yenyewe, kisha fungua Task Manager na uende kwenye Details. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua Select columns, weka alama kwenye Platform. Safu mpya itakuonyesha biti za kila programu inayoendeshwa wakati huo, popote ilipowekwa.

Ukigundua kwamba programu ni ya biti 32 nawe unaitaka ya biti 64, usiikate folda yake na kuibandika upande wa pili. Kuhamisha folda hakubadilishi biti hata moja, na kutaharibu mengine: njia za mkato zitaelekeza patupu, na kumbukumbu za usakinishaji katika rejista ya Windows, ambazo kwa programu za biti 32 huwekwa kwenye tawi lake la `WOW6432Node`, zitaendelea kutaja anwani ya zamani, hata kuiondoa programu hiyo baadaye kushindikane. Iondoe kwa njia ya kawaida kupitia Settings, kisha pakua toleo la biti 64 na ulisakinishe upya. Kabla ya hapo, angalia kama kuna viongezi unavyovitegemea. Excel ya biti 64 haiwezi kupakia kiongezi cha `.dll` kilichotengenezwa kwa Excel ya biti 32, na kama aliyekitengeneza hajatoa cha biti 64, bora ubaki na toleo ulilonalo.