Fedha za Kikundi na Biashara ya Kripto ya Mkopo

Kikundi cha kuweka na kukopa, kiwe VICOBA ya mtaani au chama cha akina mama sokoni, huendeshwa kwa hisa. Kila wiki wanachama hununua hisa kwa bei waliyokubaliana, fedha huhesabiwa mbele ya wote na kuingizwa kwenye sanduku, na kiasi kikubwa hutoka tena siku hiyohiyo kama mikopo. Riba ya mikopo hurudi sandukuni. Baada ya miezi kumi na miwili hivi, wanachama hugawana kilichopo kulingana na hisa za kila mmoja. Mara nyingi miezi michache kabla ya siku hiyo fedha hujikusanya bila mkopaji, na hapo ndipo hujitokeza mwanachama mwenye pendekezo: fedha zilizolala ziingizwe kwenye biashara ya sarafu za kidijitali, zizae haraka, kisha zirudishwe kabla ya kugawana.

Ni nadra pendekezo la aina hiyo kuwa la kununua sarafu na kuiweka. Faida ya kununua na kuweka huja polepole mno kwa mtu mwenye miezi mitatu tu mkononi. Kinachopendekezwa huwa ni biashara ya mkopo. Mfanyabiashara huweka fedha kidogo kama dhamana, na soko la mtandaoni humruhusu kufungua mkataba wenye thamani kubwa kuliko dhamana hiyo mara tano, mara kumi, hata mara mia. Kwenye simu hutambulika kwa maneno kama `Futures`, `Perpetual` na `Margin`, na kwa alama kama `10x` au `20x` pembeni ya bei. Mwenye kuonyeshwa skrini yenye maneno hayo ajue kwamba anachoonyeshwa ni deni.

Chukua kikundi cha watu 25, hisa moja shilingi 5,000, na kila mwanachama ana hisa 120. Jumla ya hisa ni shilingi milioni 15. Milioni 9 ziko mikononi mwa wakopaji, milioni 6 ziko sandukuni. Kwa urahisi wa hesabu, riba na faini ziachwe kando. Wanachama wanakubali milioni 6 ziwe dhamana ya mkataba wa Bitcoin kwa `10x`, yaani mkataba wa milioni 60. Bei ikipanda kwa asilimia 5, kikundi kimepata milioni 3, na hii ndiyo sehemu ya hesabu ambayo mpendekezaji huionyesha. Bei ikishuka kwa asilimia 10, hasara ni milioni 6, yaani dhamana yote. Soko halisubiri hata ifike hapo. Hudai sehemu ndogo ya dhamana ibaki muda wote, na bei ikikaribia mpaka huo, tuseme kwenye mshuko wa asilimia 9 na nusu, mtambo hufunga mkataba wenyewe bila kumuuliza mtu. Vijana wa biashara hii husema akaunti imeungua.

Gharama nazo hupimwa kwa ukubwa wa mkataba, si kwa ukubwa wa dhamana. Ada ya kufungua ikiwa asilimia 0.05, kwenye milioni 60 ni shilingi 30,000, na kiasi kama hicho hulipwa tena wakati wa kufunga. Mikataba isiyo na tarehe ya mwisho ina malipo mengine ambayo kwa kawaida hufanywa kila baada ya saa nane kati ya wanaotarajia bei ipande na wanaotarajia ishuke. Kiwango cha asilimia 0.01 ni cha kawaida kabisa. Kwenye milioni 60 hiyo ni shilingi 6,000, mara tatu kwa siku, shilingi 540,000 kwa siku thelathini. Bei ikikaa palepale mwezi mzima, kikundi kinachotarajia bei ipande kimekwishapoteza asilimia 9 ya dhamana yake.

Hoja ambayo huwashawishi wanachama wengi ni kwamba bei ya Bitcoin hushuka lakini hurudi. Historia imeiunga mkono hoja hiyo mara kadhaa, na ndiyo maana inapasa kujibiwa kwa historia ileile. Tarehe 19 Mei 2021 Bitcoin ilianza siku ikiwa karibu dola 43,000. Ndani ya saa chache ilianguka hadi karibu dola 30,000, mshuko wa asilimia 30, kisha ikapanda tena na kumaliza siku karibu dola 37,000. Mwezi Novemba mwaka huohuo ilifika karibu dola 69,000. Aliyekuwa amenunua Bitcoin ya shilingi milioni 6 kwa fedha taslimu asubuhi ile alimaliza siku akiwa na takriban milioni 5.2, na Novemba thamani ilifika zaidi ya milioni 9. Aliyeweka milioni 6 hizohizo kama dhamana kwa `5x` alikuwa amekwisha pale mshuko ulipokaribia asilimia 20, kwenye dola 34,000 na ushei. Alikuwa sahihi kabisa kwamba bei ingerudi, lakini iliporudi hakuwa na kitu. Mkopo wa biashara hii humpa mtu faida kubwa akiwa sahihi, kwa sharti kwamba asikosee hata kwa saa moja njiani.

Kupunguza mkopo hadi `2x` husogeza mpaka, hakuuondoi. Kati ya Novemba 2021 na Novemba 2022 Bitcoin ilishuka kutoka karibu dola 69,000 hadi chini ya 16,000, zaidi ya robo tatu ya thamani yake, na mkataba wa `2x` hufa kwenye nusu. Agizo la kusitisha hasara, ambalo huuza bei ikifika kiwango fulani, lina udhaifu wake: soko likianguka kwa kasi, mnunuzi wa bei ile huwa hayupo, na mauzo hufanyika chini zaidi. Kuna pia kitufe ambacho wengi hukipita bila kukisoma. Mkataba ukiwa kwenye `Isolated`, hasara huishia kwenye dhamana iliyotengwa. Ukiwa kwenye `Cross`, mtambo huchota salio lote lililomo kwenye akaunti ya biashara, pamoja na fedha ambazo kikundi kilidhani kimeziweka kando.

Hasara ya milioni 6 ni kubwa, lakini katika kikundi sio mwisho wa hasara, na hapa ndipo wataalamu wa fedha waliozoea mabenki hukosea wanapovitazama vikundi. Baada ya akaunti kuungua, kilichobaki ni madeni ya milioni 9 tu. Zikigawanywa kwa hisa 3,000, hisa ya shilingi 5,000 sasa ni 3,000, na ni hivyo iwapo kila mkopaji atalipa. Katika vikundi vingi mwanachama huruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Mwenye hisa za 600,000 aliyekopa 1,500,000 alikuwa na sababu mbili za kulipa: hisa zake zimo ndani, na majirani wanamtazama. Sababu ya kwanza imepungua hadi 360,000. Ya pili imepungua vilevile, kwa sababu sasa ana la kuwajibu majirani: ninyi ndio mlioanza kupoteza fedha. Akisitasita wiki mbili, mkopaji mwingine anaona na kusitasita pia, maana hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuingiza fedha kwenye sanduku lisilo na kitu.

Kwa hiyo mzigo huwaangukia wasio na mikopo. Mara nyingi hawa ni wajane, wazee na wanachama waoga wa madeni, walioweka hisa mwaka mzima kwa ajili ya ada za shule za Januari. Hao ndio waliokuwa na haki zaidi ya kulindwa, na ndio huondoka mikono mitupu. Kikundi kilichopoteza asilimia 40 ya fedha zake kinaweza kurudisha chini ya nusu ya hisa, au kisirudishe kabisa, bila soko kushuka tena hata kidogo.

Biashara hii pia haiendani na namna kikundi kinavyojilinda. Sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Uamuzi hufanywa kwenye mkutano wa wiki, na kila aliyepo anasikia kiasi kilichomo. Soko la kripto hufanya kazi usiku na mchana, siku zote saba, na akaunti kwa kawaida husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja na kufunguliwa kwa nywila iliyo kichwani mwake. Bei ikianguka saa tisa usiku, hakuna mkutano. Huyo mmoja ndiye anayeamua kufunga au kuongeza dhamana, na akiwa mwaminifu kabisa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuongeza, kwa sababu anaona aibu kurudi kwa wenzake na hasara. Mweka hazina naye hawezi kujaza daftari, kwani salio analoonyeshwa saa nne si la saa tano.

Wasimamizi wa masoko wameshafikia hukumu yao kuhusu wateja wa kawaida. Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha mara mbili kwa mikataba ya tofauti ya bei inayohusu kripto, baada ya kubaini kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba ya aina hiyo, ya kripto na ya bidhaa nyingine, hupoteza fedha. Uingereza ilipiga marufuku kuwauzia wateja wa kawaida mikataba itokanayo na kripto kuanzia Januari 2021. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu hizi Novemba 2019. Wateja hao wa kawaida hutumia fedha zao wenyewe. Fedha za kikundi ni za watu 25, na zina tarehe ya kurudishwa.

Kinga inayofaa ni kifungu cha katiba, kilichoandikwa kabla mpendekezaji hajafika: fedha za hisa na za mfuko wa jamii zisitumike, wala zisikopeshwe kwa mwanachama, kwa biashara yoyote ya sarafu za kidijitali, na kifungu hicho kisibadilishwe katikati ya mzunguko. Neno kuhusu mikopo ni la lazima, la sivyo fedha zilezile hupitia mlango wa mwanachama mmoja na kuishia palepale. Zinazolala sandukuni ziwekwe benki kwa jina la kikundi na watia saini watatu, au siku ya kugawana iwahishwe. Mwanachama anayeitaka biashara hiyo asubiri mgao wake, atoke nao nyumbani kwake, na aiendee peke yake.